Mgonjwa Asiye Mgonjwa: Mteja wa Siri, Mwangalizi na Mipaka Yao

Hotuba hii ilitolewa jijini Nairobi mbele ya wakusanyaji data, wasimamizi wa nyanjani na wanafunzi wa utafiti wa huduma. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Hamjambo nyote? Asanteni kwa kuja, na poleni nyinyi mliokwama Thika Road asubuhi hii.

Mama anaingia katika duka la dawa huko Kayole, saa kumi na mbili jioni. Anasimama mbele ya kaunta na kusema: "Daktari, mtoto wangu anaendesha tangu jana usiku. Nisaidie na dawa." Mhudumu atamwuliza nini? Atampa nini? Atamwambia nini kabla hajatoka?

Maswali ni hayo matatu tu. Tutayajibuje?

Mnaweza kumfuata mhudumu na hojaji na kumwuliza: "Mtoto akiletwa anahara, wewe hufanya nini?" Atawajibu vizuri. Atataja ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, atataja zinki, atasema ni lazima kuuliza kama kuna damu kwenye choo. Wala hawadanganyi. Anayajua. Mnaweza pia kukaa kwenye kiti pembeni ya kaunta na karatasi yenu mkawatazama wateja wakiingia na kutoka. Au mnaweza kumtuma mama ambaye mtoto wake ni mzima, ambaye amefundishwa sentensi ile moja, aingie kama mteja mwingine yeyote, kisha atoke awaeleze yaliyotokea.

Njia ya kwanza inapima anachojua. Ya pili inapima anachofanya akijua anatazamwa. Ya tatu inapima anachofanya akiwa na mteja asiyemjua, siku ya kawaida. Ni vitu vitatu, wenzangu. Vitu vitatu! Mara nyingi ripoti hupima kimoja, kisha jalada lake likatangaza kingine. Leo nitazungumzia hizo mbili za mwisho, uangalizi na mteja wa siri, na nitatumia kisa kile kile cha mtoto anayehara mpaka mwisho, ili tusipotezane njiani.

Nianze na mwangalizi, yule wa kwenye kiti.

Twendeni Arusha. Mwaka 2006 Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walichapisha utafiti kuhusu madaktari na matabibu wanaotibu wagonjwa wa nje. Walitaka kujua: je, kukaa kwetu ndani ya chumba kunabadilisha kazi tunayoipima? Sasa tazameni jinsi walivyolitatua hilo, kwa maana hapo ndipo penye ufundi. Huwezi kutumia macho ya mwangalizi kupima athari ya mwangalizi. Kwa hiyo waliwauliza wagonjwa wenyewe wakitoka: daktari alikuuliza hiki, alikupima hiki, alikueleza hiki? Waliwauliza waliotibiwa kabla timu haijaingia chumbani, na waliotibiwa timu ikiwa ndani.

Walipata nini? Timu ilipoingia, ubora wa huduma ulipanda papo hapo. Halafu ukashuka pole pole. Kati ya mgonjwa wa 10 na wa 15 ulikuwa umerudi pale ulipokuwa kabla timu haijafika. Daktari alikuwa amechoka kuigiza, au amesahau kwamba kuna mtu pale kwenye kona.

Mnaona somo lake kwa kazi ya nyanjani? Ukipanga mwangalizi atazame wagonjwa 5 kwa kila kituo kisha ahamie kingine, umechagua kupima kilele chote cha maigizo na kuacha siku ya kawaida. Ukikaa mpaka mgonjwa wa 20, unapata vyote viwili. Lakini msitupe wale wa kwanza kimya kimya! Kila fomu iandikwe namba ya mgonjwa kwa zamu yake, wa 1, wa 2, wa 3, na saa aliyoingia. Kisha chora mstari: ubora upande mmoja, zamu upande wa pili. Mstari ukianza juu na kushuka, athari yako umeiona kwa macho. Na ule mwinuko wa mwanzo wenyewe una habari ndani yake, kwani unaonyesha kwamba mhudumu anaweza kufanya vizuri zaidi kwa vifaa vile vile na wagonjwa wale wale. Hapo tatizo haliko kwenye mafunzo, na mradi wa kumpeleka semina nyingine utakuwa umekosea mlango.

Shida ya pili ya uangalizi ni karatasi yenyewe. Fikirieni waangalizi wawili wametazama wateja 100 katika maduka ya dawa, kila mmoja na fomu yake, bila kuangaliziana. Kipengele kinasema: "Mhudumu alieleza jinsi ya kutumia dawa." Kwa wateja 88 wote wawili wameandika ndiyo. Kwa wateja 2 wote wameandika hapana. Kwa 10 waliobaki wametofautiana, 5 huku na 5 kule. Msimamizi anafurahi: wamekubaliana mara 90 kati ya 100!

Asifurahi bado. Kila mmoja wao ameandika ndiyo mara 93. Watu wawili wanaoandika ndiyo mara 93 kati ya 100, hata wakiwa wamefumba macho, watakubaliana takribani mara 87 kwa bahati tu. Ndiyo sababu tunatumia kipimo cha kapa, kinachoondoa bahati hiyo kwanza:

```
kapa = (0.90 - 0.87) / (1 - 0.87) = 0.23
```

Moja kamili ndiyo makubaliano ya kweli, sifuri ni bahati tupu. Hapa tuna 0.23. Waangalizi hawa hawapimi kitu kimoja. Kwa nini? Kwa sababu neno "alieleza" halina mpaka. Mmoja alisikia "kunywa hii mara tatu" akaandika ndiyo, mwingine alitaka kusikia na siku ngapi. Dawa yake ni kukivunja kipengele: alitaja kiasi cha kila mara? Alitaja mara ngapi kwa siku? Alitaja siku ngapi? Kila kimoja ni kitu cha kusikika au kutosikika. Mwangalizi asiulizwe maoni ambayo sikio lake haliwezi kuthibitisha. Na waangalizi wawili wawekwe pamoja siku ya kwanza, kisha tena katikati ya kazi, kwa sababu watu huanza pamoja na kuachana taratibu bila kujua.

Sasa tuje kwa mteja wa siri.

Watu humsifu kwa sababu hajulikani. Ni kweli, hilo ni muhimu. Lakini kwangu nguvu yake kubwa iko kwingine. Mteja wa siri huushikilia ugonjwa mahali pamoja. Wateja halisi wa kliniki ya serikali na wateja halisi wa kliniki ya binafsi hawalingani: wana magonjwa tofauti, pesa tofauti, wamechelewa kwa siku tofauti. Ukiona huduma zimetofautiana, hujui kama ni kliniki au ni wagonjwa. Mteja wa siri huja na hadithi ile ile, dalili zile zile, sentensi ile ile ya kwanza. Kinachobadilika ni mlango anaoingia.

Na jambo hili limefanyika hapa hapa Nairobi. Mwaka 2017 Benjamin Daniels na wenzake, wakiwemo watafiti Wakenya, walichapisha utafiti wa majaribio ambapo wagonjwa wa kuigiza 14 walitumwa katika vituo 42 vya serikali na vya binafsi. Miongozo ya tiba na orodha za ukaguzi ziliandaliwa pamoja na Wizara ya Afya. Visa vilikuwa vinne: pumu, mtoto anayehara, kifua kikuu, na maumivu ya moyo ya aina ile inayoashiria hatari. Ziara zilikuwa 166. Wangapi waligunduliwa? Hakuna hata mmoja. Wangapi waliingia hatarini? Hakuna. Kwa jumla 53% walihudumiwa sawasawa, na tofauti kati ya kisa na kisa ilikuwa kubwa.

Lakini matokeo ninayotaka myashike ni haya: katika kliniki za serikali wagonjwa hao walilipa 76% pungufu kuliko za binafsi, na bado kwa visa vitatu kiwango cha tiba sahihi kilikuwa karibu sawa, na kwa cha nne serikali ilikuwa juu. Je, ungeweza kulisema hilo kwa kutazama wagonjwa halisi? Mtu angesimama mara moja: "Wagonjwa wenyewe si sawa!" Na angekuwa na haki.

Basi mteja huyu anatengenezwaje? Nasema anatengenezwa, kwa sababu yeye ni chombo, kama mizani. Haokotwi.

Turudi kwa mama yetu wa Kayole. Tuseme tunataka kujua maduka ya dawa 40 yanafanya nini na mtoto anayehara. Kwanza tunaandika mtoto. Ndiyo, mtoto anaandikwa kabla ya mama! Ana miezi 18. Ameendesha mara tano tangu jana usiku, choo cha maji, hakuna damu. Hatapiki. Hana joto. Ananyonya, anakunywa maji, asubuhi alikuwa anacheza. Yuko nyumbani na dada yake mama. Kuwa nyumbani kwake ni lazima: hatumpeleki mtoto mzima mahali anapoweza kupewa dawa.

Kisha sentensi ya kwanza, ambayo mama hubeba neno kwa neno: "Daktari, mtoto wangu anaendesha tangu jana usiku. Nisaidie na dawa." Baada ya hapo, ananyamaza. Hiyo ndiyo kanuni inayovunjwa kuliko zote. Mengine yote yanatolewa yakiulizwa tu. Mhudumu asipouliza kuhusu damu, mama hasemi kuhusu damu. Watu ni wakarimu, wenzangu, kimya kikiwa kirefu mama hujaza mwenyewe: "lakini hakuna damu, eh?" Hapo data imeharibika, kwa maana swali ambalo mhudumu hakuliuliza limejibiwa, na kwenye fomu litaonekana kama liliulizwa.

Mhudumu anayefanya sawa atafanya nini? Atauliza umri, damu, kama mtoto anakunywa, kama amelegea. Atatoa ORS. Atatoa zinki, kwa siku 10 hadi 14. Atamwambia aendelee kumnyonyesha, na dalili zipi zikitokea akimbilie hospitali. Anayekosea atatoa antibayotiki kama metronidazo kwa mtoto asiye na damu kwenye choo, au dawa ya kufunga tumbo ambayo mtoto mdogo hapaswi kupewa.

Hapa kuna mtego wa kuyasoma matokeo. Tuseme maduka mengi yametoa metronidazo. Ni kosa la nani? Mhudumu atasema: "Wateja ndio wanaitaka. Nisipowapa wanaenda duka la pili." Unalijibuje? Unaandika hadithi ya pili. Mtoto ni yule yule, dalili ni zile zile, ila sentensi ya kwanza inakuwa: "Daktari, mtoto wangu anaendesha. Nipatie metronidazo." Sasa kila duka linapata ziara mbili za hadithi ya kwanza na mbili za hadithi ya pili. Dawa ikitoka sawa katika zote mbili, mteja hana lawama. Ikitoka zaidi akiiomba kwa jina, basi msukumo wa mteja una uzito, na unajua ni kiasi gani. Hakuna mwangalizi wa kwenye kiti anayeweza kukupa jibu hilo, maana wateja wanaoomba dawa kwa jina hawafanani na wasioomba.

Hesabu yake ni hii: maduka 40, ziara 4 kwa kila moja, jumla 160. Tukiwa na wateja wa siri 8, kila mmoja ana ziara 20, na hakuna anayerudi duka moja mara mbili. Nani aende wapi? Kwa kura. Si kwa ukaribu wa nyumbani, si kwa "mimi najua Umoja vizuri". Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu lafudhi ya mtu, umri wake, viatu vyake, jinsi alivyosuka nywele, vyote vinazungumza kabla yeye hajazungumza. Mteja mmoja akitembelea maduka ya Eastleigh yote na mwingine ya South B yote, ukaona tofauti, utakuwa umepima mtaa au mtu? Hutajua kamwe. Kura huwatawanya, na baadaye unaweza kukagua kama matokeo yanafuata mtu fulani. Kundi lile la Nairobi lilifanya ukaguzi huo, na halikuona sifa za wagonjwa wake zikiyapotosha matokeo.

Na zile 160, je, ni ziara 160 kweli? Hapana. Ziara 4 za duka moja zinafanana kwa sababu mhudumu ni yule yule. Kufanana huko kukiwa kwa kiasi cha 0.2, kwa kipimo ambacho sifuri ni kutofanana kabisa na moja ni kufanana kabisa, unazidisha tatu, yaani ziara zaidi ya ile ya kwanza, kwa 0.2, unaongeza moja: unapata 1.6. Gawa 160 kwa 1.6. Una nguvu ya ziara 100 tu, na asilimia yako inaweza kuyumba takribani pointi 10 juu na 10 chini. Anayetaka usahihi zaidi aongeze maduka. Kuongeza ziara kwenye duka lile lile kunasaidia kidogo sana.

Sasa niseme juu ya kumbukumbu, kwa sababu hapo ndipo mteja wa siri hufa. Mwangalizi anaandika akiona. Mteja wa siri anaandika baadaye. Kila saa inayopita, kichwa kinaziba mapengo kwa kile ambacho kwa kawaida hutokea. Kwa hiyo fomu ijazwe ndani ya saa moja, mahali ambapo duka halimwoni, na msimamizi amhoji kwa mpangilio: uliingia, nani alikuwa mbele yako, alisema nini kwanza? Pakiti za dawa ziwekwe kwenye bahasha yenye namba ya ziara, kwa maana pakiti haisahau. Na mtu mmoja asifanye zaidi ya ziara tatu kwa siku, la sivyo duka la asubuhi litaanza kuongea kwa sauti ya duka la jioni.

Kisa cha David Rosenhan kinatuonyesha gharama ya kutokuwa na ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 1973, katika jarida la Science, alieleza jinsi watu wanane wasio wagonjwa walivyoingia katika hospitali 12 za wagonjwa wa akili Marekani kwa kudai tu kwamba wanasikia sauti, na wote wakalazwa. Utafiti huo ulitikisa taaluma nzima. Miongo kadhaa baadaye mwandishi wa habari mmoja alifuatilia nyaraka. Faili ya hospitali ya Rosenhan mwenyewe ilionyesha kwamba alieleza dalili nzito kuliko zile alizoandika. Na kulikuwa na mshiriki wa tisa, aliyepata huduma nzuri, ambaye aliachwa nje ya hesabu. Waliobaki, wengi hawakupatikana. Jiulizeni: nani angeweza kumsahihisha mwaka 1973? Yeye ndiye alikuwa chombo, yeye ndiye msomaji wa chombo, yeye ndiye mwenye makala. Kwa hiyo hadithi ya kila mteja iandikwe kabla. Fomu zote zihesabiwe, hata za ziara zilizoharibika. Na aliyetembelea duka asiwe ndiye anayeamua kama duka lilifanya sawa. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine, akisoma fomu isiyo na jina la duka wala la mteja.

Mteja aligunduliwa au hakugunduliwa? Kumwuliza mteja mwenyewe hakutoshi. Baada ya kazi yote, rudi kwa wahudumu na uwaulize: "Wiki zilizopita, kuna mtu uliyemshuku? Alikuja lini? Alikuwaje?" Linganisha na ratiba. Wengi watamtaja mteja halisi aliyekuwa na maswali mengi! Hesabu wale tu waliotajwa kwa siku na sura sahihi. Na tawanya ziara kwa wiki tano au sita, maana wenye maduka wana vikundi vya WhatsApp, na wanawake wanne wenye mtoto mmoja wa miezi 18 ndani ya wiki moja watajadiliwa humo kabla ya Ijumaa.

Kuna vitu ambavyo mteja wa siri haoni, na hapa nitapita haraka. Haoni ugonjwa unaohitaji kuonekana mwilini: nimonia ya mtoto, kidonda, mimba. Haoni ugonjwa unaohitaji damu, kwa sababu damu yake ni safi na kipimo kitamwumbua, na pia hatuna haki ya kumchoma sindano. Haoni huduma ya mgonjwa anayejulikana, yule wa kisukari anayerudi kila mwezi. Anaona ziara ya kwanza ya mtu mgeni. Ile 53% ya Nairobi inazungumzia ziara za namna hiyo, katika vituo 42. Msiibebeshe mji mzima.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ningetaka ibaki nanyi mkiwa mnaandika maombi ya kibali. Je, ni haki kumdanganya mtu akiwa kazini?

Mimi naamini inaweza kuwa haki, kwa masharti, na masharti yenyewe ni magumu. Njia safi zaidi ni kuomba idhini mapema. Katika utafiti wa kifua kikuu jijini Delhi, uliochapishwa mwaka 2015, vituo 100 vya binafsi vilikuwa vimekubali kushiriki, kisha wagonjwa wa kuigiza wakafanya ziara 250. Mhudumu anajua kwamba katika miezi ijayo mtu atakuja. Hajui ni nani wala lini. Je, hilo lilifanya wote wawe malaika? Ni ziara 52 tu kati ya 250 zilizohudumiwa sawasawa. Kwa hiyo anayedai kwamba idhini itaharibu kila kitu, aonyeshe ni kwa nini kwake itaharibu. Gharama ya idhini ipo, naikubali: wanaokataa huenda ndio wabovu zaidi, na matokeo yako yatapendeza kuliko ukweli. Iandike gharama hiyo, idadi ya waliokataa na aina yao.

Ukiomba kufanya bila idhini, kamati ya maadili itakuuliza, na iulize: swali haliwezi kujibiwa kwa njia nyingine? Madhara kwa mhudumu ni madogo kiasi gani? Hapa Kenya unahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na leseni ya utafiti ya NACOSTI yenyewe. Katiba, ibara ya 31, inalinda faragha, na mhudumu wa duka la dawa hakuiacha faragha yake nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu data kutumika kwa utafiti, ila matokeo yasichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu. Simu inayorekodi sauti mfukoni bila mwingine kujua ni jambo zito. Usiliongeze kwenye ombi kwa sababu tu ni rahisi.

Usimtege mtu. Mama yetu anauliza jambo ambalo mteja yeyote huuliza, na mhudumu anaweza kulijibu vizuri. Hamshawishi. Mhudumu akisema "hiyo metronidazo siuzi bila karatasi ya daktari," mama anashukuru na kutoka. Hasemi "nakuomba tu, mtoto atakufa." Akisema hivyo, mmepima huruma ya mhudumu mkaiita uvunjaji wa sheria.

Usiibe zamu ya mgonjwa. Katika kituo cha serikali chenye foleni, mteja wa siri humpisha mtu mgonjwa kweli, na hatembelei saa ambayo foleni iko mlangoni. Dakika za daktari mmoja si mali yetu.

Mlinde mteja wako pia. Awe na sentensi za kukataa alizozizoea mpaka zimtoke bila kufikiri: "Sindano nitarudi nayo kesho, sina pesa ya kutosha." Hakubali kuchomwa, hakubali kutolewa damu, hakubali kuingia chumba cha ndani kilichofungwa mlango. Akihisi hatari anatoka, na ziara hiyo inaandikwa "haikukamilika", bila kukatwa malipo. Mkimkata, ataanza kukaa pale pasipomfaa. Nazo dawa zilizonunuliwa haziendi nyumbani kwa mtu. Zinahesabiwa, zinakabidhiwa kwa mfamasia, zinaharibiwa inavyostahili.

Kisha kuna ripoti. Tuseme mtafiti mmoja ameandika kwa uangalifu, hakutaja jina la duka. Ameandika: "Katika duka moja la dawa karibu na steji, mhudumu wa kike alitoa dawa ya kufunga tumbo kwa mtoto wa miezi 18." Karibu na steji hiyo kuna duka moja la dawa. Lina mhudumu mmoja. Mwenye duka anasoma ripoti Jumatatu, na Jumanne yule dada hana kazi. Alikuwa amelipwa kidogo, hajafundishwa, na yumkini alikuwa anauza kile alichoagizwa auze. Sisi tulikuwa tumekuja kujifunza kuhusu maduka 40. Nani alitupa mamlaka ya kumfuta mtu kazi?

Kampuni zinazotumia wateja wa siri kukagua matawi yao zina mkataba wa namna nyingine, na hata huko wafanyakazi wanapaswa kuelezwa mapema kwamba ukaguzi wa aina hii upo na matokeo yatatumikaje. Tatizo huja pale data iliyokusanywa kama utafiti inapoombwa na bosi kwa ajili ya adhabu. Jibu ni moja tu: haitolewi. Na ili uweze kusema hivyo bila kutetemeka, orodha inayounganisha namba na jina la duka iwe kwa mtu mmoja, imefungwa mbali na fomu, na tarehe ya kuiharibu iwe imeandikwa ndani ya ombi la kibali kabla ziara ya kwanza haijafanyika. Ila amueni mapema pia: mteja akiona jambo linalohatarisha maisha leo leo, kwa mfano dawa iliyokwisha muda inauzwa kwa watoto, ni nani atakayeambiwa, na kwa njia gani isiyomtaja mhudumu? Hilo nalo liandikwe kwenye ombi, kwa maana siku litakapotokea hakutakuwa na muda wa kukaa kikao.

Nimemaliza. Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali yaanze na wale waliosimama pale nyuma, wamevumilia kwa muda mrefu.